Kotesheni ya Fundi: Soma Kila Mstari Kabla ya Kutoa Pesa

Bonasi ya majani chai inapolipwa, ambayo kwa wakulima wa viwanda vinavyosimamiwa na KTDA huwa kwa kawaida mwezi wa Oktoba, misingi mipya huanza kuchimbwa kutoka Litein hadi Mogogosiek. Miezi michache baadaye, mvua ndefu ikiwa imeshika, baadhi ya nyumba hizo huwa zimesimama kwenye lenta, hazina paa, na kuta zinanyeshewa. Mara nyingi hakuna aliyeiba. Pesa zilikuwa hazitoshi tangu siku ya kwanza, na karatasi ya bei aliyoitoa fundi ndiyo iliyolificha jambo hilo.

Karatasi hiyo, ambayo wengi huiita kotesheni, husomwa kwa haraka. Mwenye nyumba huangalia jumla iliyo chini, hulinganisha jumla mbili au tatu, kisha humchagua fundi wa bei ya chini. Lakini jumla ya chini huenda ikawa ni ya nyumba iliyopunguzwa vitu. Somo hili linaonyesha jinsi ya kusoma kotesheni mstari kwa mstari, ili mkazi ajue anacholipia na kile ambacho hakimo.

Mfano ulio hapa umetungwa kwa ajili ya somo, na bei zake ni za kufanyia hesabu tu. Kila anayejenga aulize bei ya sasa katika duka la vifaa vya ujenzi lililo karibu naye.

Kotesheni mbili za nyumba moja

Mama mmoja, mkulima wa majani chai, anataka kujenga nyumba ya vyumba vitatu vya kulala. Nyumba ina urefu wa mita 10 na upana wa mita 8. Ploti yake iko kwenye mteremko, kama zilivyo nyingi katika eneo la chai, na kutoka barabara ya lami hadi hapo kuna njia ya udongo. Fundi wa kwanza amempa karatasi hii:

1. Kuchimba na kujenga msingi hadi usawa wa sakafu – shilingi 210,000
2. Sakafu ya zege: simiti mifuko 30, mchanga lori 1, kokoto lori 1 – 105,000
3. Kuta na lenta – 380,000
4. Paa: mbao na mabati geji 30 – 265,000
5. Umaliziaji – 180,000
6. Ufundi – 240,000

Jumla: shilingi 1,380,000

Fundi wa pili ameleta karatasi mbili zilizojaa maandishi, na jumla yake ni shilingi 1,610,000. Tofauti ni shilingi 230,000. Kwa kuangalia jumla peke yake, uamuzi ungekuwa rahisi.

Kabla ya kuamua, mama anauliza maswali manne kwa kila mstari: Ni kitu gani? Ni kiasi gani? Ni cha aina gani? Bei hiyo inakifikisha wapi? Mstari unaoshindwa kujibu hata swali moja haujakamilika, na pengo hilo litakuja kujazwa kwa pesa za mwenye nyumba.

Mstari wa 1: Msingi kwenye mteremko

Maneno "hadi usawa wa sakafu" yanaonekana kamili. Yangekuwa karibu na ukamilifu kama ploti ingekuwa tambarare. Kwenye mteremko, sakafu iliyo sawa huanza juu kidogo ya ardhi upande wa mlimani, na huwa juu sana upande wa bondeni. Mama amechukua mambo mawili, kamba na mpira wa maji wa kupimia usawa, akamwomba kijana wake amsaidie. Wamegundua kwamba katika urefu wa mita 10 za nyumba, ardhi inashuka kwa mita 1.

Mita hiyo moja ina gharama mbili. Ya kwanza ni ukuta wa msingi. Upande wa juu hauongezeki, upande wa chini unaongezeka kwa mita nzima, na pande mbili za kati zinaongezeka kwa wastani wa nusu mita. Ukuta wa nje unaozidi ni mita za mraba 18. Kuta za ndani nazo zinahitaji msingi, na zikihesabiwa zinaongeza takriban mita za mraba 12. Hizo ni 30. Kwa shilingi 1,500 kila mita ya mraba, mawe, mota na kazi, gharama ni shilingi 45,000.

Ya pili ni kujaza. Eneo la nyumba ni mita za mraba 80. Likijazwa kwa wastani wa nusu mita, ni mita za ujazo 40 za mawe na maramu. Mjazo hupungua unaposhindiliwa, kwa hiyo fundi mwangalifu huagiza zaidi, kwa mfano mita za ujazo 48 hadi 50. Ikiwa lori moja linabeba mita za ujazo 5, hizo ni safari 10. Kwa shilingi 7,500 kila safari, ni shilingi 75,000.

Mama anamuuliza fundi wa kwanza kama alihesabu mjazo huo. Fundi anakiri kwamba hakufika kwenye ploti. Alitumia hesabu ya nyumba aliyojenga mahali tambarare. Hakukusudia kudanganya, lakini shilingi 120,000 zimekosekana katika mstari wa kwanza pekee. Kotesheni ya ploti ambayo fundi hajaikanyaga ni kisio tu.

Jambo jingine la msingi ni kina cha mtaro. Karatasi haikusema. Udongo mwekundu wa eneo hili ni wa kina kirefu, na tabaka la juu lenye mboji na mizizi ya chai halifai kubeba nyumba. Mtaro hufuatwa mpaka udongo mgumu, na haujulikani kwa hakika uko wapi mpaka kuchimbwe. Kwa sababu hiyo kotesheni nzuri hutaja kina kilichohesabiwa, kwa mfano futi 3, kisha hutaja bei ya kila futi ya ziada. Bei hiyo ikikubaliwa mapema, mwenye nyumba hatabanwa huku mtaro ukiwa wazi na mvua inakuja.

Mstari wa 2: Mifuko ya simiti ihesabiwe

Huu ni mstari ambao mkazi yeyote anaweza kuukagua kwa kalamu. Sakafu ni mita 10 kwa mita 8, na unene wa kawaida wa zege yake ni sentimita 10, yaani mita 0.1. Zidisha 10 kwa 8 kwa 0.1, jibu ni mita za ujazo 8 za zege.

Kwa mchanganyiko wa simiti 1, mchanga 2 na kokoto 4, mita moja ya ujazo hutumia kati ya mifuko 6 na 7 ya kilo 50. Ukichukua mifuko 6 na nusu, mita 8 zinahitaji mifuko 52. Karatasi inasema 30. Ama kuna mifuko 22 ambayo mama ataombwa baadaye, ama sakafu itachanganywa kwa simiti kidogo. Jambo la pili ni baya zaidi, kwa sababu halionekani siku ya kumwaga. Linaonekana baadaye, sakafu inapotoa vumbi kila ikifagiliwa na kuanza kumeguka mlangoni.

Mstari huu pia umesahau vitu viwili vinavyofunikwa na zege: nailoni ya kuzuia unyevu usipande kutoka ardhini, na wavu wa chuma unaosaidia kuzuia nyufa. Wavu una umuhimu wa pekee hapa kwa sababu sehemu kubwa ya sakafu hii imelala juu ya mjazo. Mifuko 22 kwa shilingi 800 ni shilingi 17,600. Wavu na nailoni kwa mfano huu ni shilingi 32,400. Pengo la mstari wa pili ni shilingi 50,000.

"Lori moja" ni kiasi gani, na linafika wapi?

Neno "lori" limeandikwa kama kipimo, lakini si kipimo. Lori la tani 7 ni lori, na la tani 18 ni lori. Mama anamuuliza fundi, "Fundi, hili lori la mchanga ni la tani ngapi?" Fundi anamjibu, "Hiyo tutaelewana tu, mama." Jibu kama hilo linafaa kuandikwa upya kwa nambari: tani ngapi, au mita za ujazo ngapi.

Swali la nne, bei inafikisha wapi, lina uzito katika eneo hili. Mchanga wa kutoka upande wa Nyakach au kokoto za machimbo zinaweza kuwa na bei nzuri mpaka kwenye lami. Kutoka hapo hadi ploti, njia ikiwa na matope, dereva hukataa kuingia na kumwaga mzigo kando ya barabara. Kuuhamisha kwa trekta, punda au mkokoteni ni gharama ya pili, na kuna mchanga unaopotea njiani. Fundi wa kwanza hakutaja lolote. Fundi wa pili ameandika "hadi kwenye ploti, hata wakati wa mvua". Maneno hayo machache yana thamani ya shilingi 30,000 katika mfano huu.

Mstari wa 3: Kuta zina jina gani?

Mstari wa tatu una bei lakini hauna kiasi wala aina. Kuta zaweza kuwa za mawe ya kukatwa kwa mashine, ya kuchongwa kwa mkono, au matofali ya kuchomwa. Mawe ya inchi 9 na ya inchi 6 hayagharimu sawa. Lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha, unahitaji kutajiwa vyuma vyake: vingapi na vya unene gani. Karatasi ikiwa kimya, fundi anaweza kuweka vyuma viwili vyembamba na bado akadai ametimiza ahadi.

Mama anapouliza, fundi anaandika: mawe ya mashine inchi 6, ukuta wa futi 9, lenta ya vyuma vinne vya milimita 12. Bei haikubadilika. Si kila mstari usio wazi huficha gharama, lakini lazima uulizwe ili ijulikane.

Mstari wa 4: Paa katika nchi ya mvua ya mawe

Katika mabati, nambari ya geji ikipungua bati huwa nene zaidi. Geji 28 ni nene kuliko geji 30, na geji 32 ni jembamba zaidi ya zote mbili. Kericho na Nandi zinajulikana kwa mvua ya mawe ya mara kwa mara, ile inayochanachana majani chai, kwa hiyo unene wa bati si jambo la urembo. Fundi wa kwanza ametaja geji, na hilo ni jema. Hakutaja idadi ya mabati, urefu wake, wala kampuni. Mwenye nyumba anafaa kudai pia bati lenye alama ya ubora ya KEBS, na siku ya kupokea mzigo asome geji iliyopigwa chapa kwenye bati lenyewe.

Mbao nazo zitajwe: za mti gani, ukubwa gani, futi ngapi, na kama zimekauka na kutiwa dawa. Mbao mbichi za mkaratusi hujipinda zikikauka juu, na bati hupinda nazo.

Kisha kuna vitu vidogo vya paa ambavyo husahauliwa sana: kofia za juu, misumari, mbao za ukingo na mifereji ya maji. Mifereji ndiyo yenye athari kubwa. Paa la nyumba hii pamoja na pembe zinazochomoza linafunika karibu mita za mraba 100. Katika sehemu za Kericho zinazopata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, paa hilo humwaga karibu lita 200,000 za maji. Bila mifereji, maji yote hayo huanguka kwenye mguu wa msingi, na upande wa bondeni ndio wenye ukuta mrefu na mjazo. Kofia na mbao za ukingo zinaongeza shilingi 13,000, mifereji shilingi 35,000. Jumla ni 48,000.

Mstari wa 5: Neno linalomeza kila kitu

"Umaliziaji" ndilo neno hatari kuliko yote katika karatasi hii. Mwenye nyumba akilisikia huona nyumba iliyopakwa rangi, taa zinawaka. Fundi huwa anaona kitu kingine. Mama anaandika orodha na kumsomea fundi, kimoja baada ya kingine: plasta ya ndani, plasta ya nje, simiti laini ya sakafu, milango na kufuli, fremu za madirisha, vioo, dari, rangi, nyaya za umeme, mabomba, choo na shimo lake. Kwa kila kimoja anataka jibu la "kimo" au "hakimo".

Inabainika kwamba shilingi 180,000 ni za plasta, sakafu laini, milango, na madirisha pamoja na vioo. Dari na rangi hazimo, nazo katika mfano huu ni shilingi 110,000. Umeme, mabomba na choo hazimo pia, lakini fundi wa pili naye ameziacha, na ameandika wazi kwamba hazimo. Hapo pande zote mbili ziko sawa, na mama anajua kwamba atatafuta pesa hizo kando, kwa fundi yeyote atakayemchagua.

Mstari wa sita, ufundi, unafuata njia hiyo hiyo. Je, wasaidizi wamo? Chakula chao? Maji ya ujenzi na mlinzi wa simiti usiku ni vya nani? Fundi akijibu kwamba wasaidizi wamo na maji ni ya mwenye nyumba, yaandikwe hivyo.

Jumla mpya

Sasa mapengo ya fundi wa kwanza yanajumlishwa:

- Ukuta wa ziada wa msingi: 45,000
- Mjazo wa mteremko: 75,000
- Simiti, wavu na nailoni ya sakafu: 50,000
- Usafiri kutoka lami: 30,000
- Kofia, mbao za ukingo na mifereji: 48,000
- Dari na rangi: 110,000

Hizo ni shilingi 358,000. Ukiziongeza kwenye 1,380,000, nyumba ya fundi wa kwanza inagharimu shilingi 1,738,000.

Karatasi ya fundi wa pili nayo haikusamehewa. Imesomwa kwa maswali yale yale, na ikakutwa haina mifereji. Baada ya kuongeza shilingi 35,000, inafika 1,645,000. Fundi aliyeonekana ghali kwa shilingi 230,000 sasa ni nafuu kwa shilingi 93,000. Zaidi ya hayo, mama amejua mapema kwamba shilingi 1,400,000 alizopanga kutoka kwa bonasi na mkopo wa sacco hazitoshi. Anaweza kupunguza chumba kimoja, au kujenga kwa awamu, au kusogeza nyumba mahali penye mteremko mdogo. Maamuzi hayo ni rahisi kabla ya kuchimba, na ni magumu sana ukuta ukiwa umefika kwenye lenta.

Mambo ya kuandikwa chini ya karatasi

Kotesheni iliyosahihishwa iandikwe upya, isibaki na maelewano ya mdomo. Chini yake kuwe na mambo matatu. La kwanza ni tarehe ya mwisho ya bei. Karatasi ya Agosti inaweza kuwa imepitwa na wakati bonasi inapofika Oktoba, na bila tarehe hakuna ajuaye kama bei bado ni ile ile. La pili ni malipo kwa hatua zinazoonekana: msingi ukikamilika, sakafu ikimwagwa, lenta ikifungwa, paa likiezekwa. Malipo yasitangulie kazi kwa kiasi ambacho mwenye nyumba hawezi kukimudu kukipoteza. La tatu ni kwamba kazi yoyote ya ziada itaandikwa bei na kutiwa sahihi na pande zote mbili kabla ya kufanywa.

Kuna pia gharama ambazo hazionekani katika kotesheni nyingi za mafundi kwa sababu ni jukumu la mwenye nyumba: mchoro wa nyumba, na ada ya idhini ya ujenzi kutoka kwa serikali ya kaunti, ambayo inahitajika chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka wa 2019. Mchoro huo ni msaada mkubwa kwa somo hili, kwani mafundi wote wanapopewa mchoro mmoja, kotesheni zao zinakuwa za nyumba moja. Kwa nyumba ya ghorofa, au yenye mteremko mkali kuliko huu, hesabu ya kalamu haitoshi. Mwenye nyumba amtafute mkadiriaji wa gharama za ujenzi aliyesajiliwa.

Karatasi iliyotiwa sahihi ina kazi hata mambo yakiharibika. Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya mwaka wa 2016 inaruhusu madai ya mikataba ya bidhaa na huduma yasiyozidi shilingi milioni 1 kusikizwa katika mahakama hiyo. Mlalamishi mwenye karatasi inayosema "mifuko 52" ana kitu cha kumwonyesha hakimu. Mwenye karatasi inayosema "sakafu" peke yake atabaki kueleza alichodhani kimo.